Jina la Joka Hutoka kwa Nani? Hoja Dhidi ya Majina ya Kubahatisha katika Fantasia

Uhakiki wetu wa majina ya wahusika umekuwa kazi ya kamusi. Mwanafunzi wa uzamili anapoandika sura juu ya majina, aghalabu hufanya jambo moja tu: hulichukua jina, hulifungulia kamusi, hutueleza maana yake, kisha huilinganisha maana hiyo na matendo ya mhusika. Adili ni mwadilifu, Hasidi ni hasidi, na sura imekwisha. Njia hii ina asili ya heshima. Shaaban Robert alijenga nchi zake za kubuni kwa majina ya dhana, na ambaye hamjui maana ya Rai, Ughaibu au Majivuno hawezi kudai kwamba amemsoma. Lakini njia iliyomfaa msomaji wa istiari haimfai msomaji wa fantasia, kwa sababu fantasia huleta majina yasiyokuwamo katika kamusi yoyote. Joka lililobuniwa juzi halina maana ya kufunguliwa. Lina sauti. Nasi, kwa kuwa hatujajizoeza kuuliza swali la sauti, hukaa kimya mbele yake au husema kwamba jina hilo ni la "kigeni" na kuendelea na mambo mengine.

Kimya hiki kina gharama. Waandishi chipukizi, wengi wao wakiwa wanafunzi wetu wenyewe, wameanza kuandika hadithi za ulimwengu mbadala wenye majoka, mizimu na viumbe visivyoonekana. Hawana mahali pa kujifunza namna ya kuviita viumbe hivyo ila katika vitabu vya Kiingereza vilivyomo madukani, na wanachokichukua humo ni pambo la nje la majina, si kanuni iliyoyazaa. Makala haya yanashikilia hoja moja: sauti ya jina la kiumbe haitoki kwa kiumbe, hutoka kwa watu waliokitaja. Asiyeikubali hoja hii atabahatisha majina hata akibuni elfu moja. Anayeikubali atagundua kwamba Kiswahili kina karibu kila chombo anachokihitaji.

Mitindo miwili inayotupotosha

Mtindo wa kwanza ni wa herufi za kutisha. Mwandishi anataka joka lake lisikike kuwa la ajabu, basi hulipa x au q, herufi ambazo hazimo katika othografia ya Kiswahili sanifu, au hurundika konsonanti tatu bila irabu, kisha hutia kipashio mahali popote ili jina lionekane la kale. Jina la namna ya N'xarqoth huzaliwa hivyo. Tatizo si kwamba jina hili ni geni. Tatizo ni kwamba msomaji wa Kiswahili hana njia ya kulisoma, na wasomaji wawili hawatalisoma namna moja. Zaidi ya hayo, alama ile ya juu si pambo katika maandishi yetu. Ng'ombe na ngoma hutofautiana kwa alama hiyo, nayo huashiria sauti halisi. Mwandishi akiitumia kama urembo katika jina moja na kama sauti katika neno linalofuata, amelivunja ahadi lake kwa msomaji ndani ya sentensi moja.

Mtindo wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu huonekana kuwa wa kisomi. Huu hudai kwamba sauti nzito hufaa viumbe viovu na sauti nyororo hufaa viumbe vyema, kana kwamba maadili ya kiumbe yamo kooni. Katika miswada ya Kiswahili dai hili huzaa matokeo ambayo waandishi wake, yumkini, hawakuyakusudia: jini mwovu hupewa gh, kh na dh, naye malaika wa msitu hupewa l, m na irabu tupu. Tujiulize ni nani anayetukanwa hapo. Gh imo katika neno lugha lenyewe. Dh imo katika dhamiri na fadhila, na kh husikika katika kheri kwa wale wanaoitamka kwa asili yake. Hizi ni sauti za mamia ya maneno tunayoyasema kila siku, na za majina ya jirani zetu wa Mombasa, Lamu na Unguja. Mwandishi anayezigeuza kuwa alama ya uovu amechukua sikio la msomaji wa Kiingereza, ambaye sauti hizo ni ngeni kwake, akalibandika juu ya wasomaji ambao sauti hizo ni zao.

Majoka manne ya Tolkien

Wanaotetea mtindo wa pili humtaja J. R. R. Tolkien kuwa shahidi wao. Inafaa basi tumwite shahidi huyo mwenyewe, kwa kuwa yeye, aliyekuwa mwanaisimu wa Kijerumani cha kale na Kiingereza cha kale kabla ya kuwa mtunzi, aliacha ushahidi mwingi kuliko mtunzi mwingine yeyote wa fantasia.

Tuyachukue majoka yake manne: Glaurung, Ankalagoni (ambaye yeye humwandika Ancalagon), Scatha na Smaug. Ingekuwa kwamba uthabiti wa sauti maana yake ni majoka yote kusikika kama ndugu, basi Tolkien ameshindwa, kwa maana majina haya hayafanani. Mawili ya kwanza ni ya Kisindarini, lugha mojawapo ya Waelfu ambayo sauti zake aliziegemeza kwenye Kiwelishi. Ancalagon ni mwungano wa mzizi wa taya au kuuma na mzizi wa mwendo wa kasi na dhoruba. Scatha ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mdhuru. Smaug limetokana na kitenzi cha Kijerumani cha kale chenye maana ya kujipenyeza katika tundu, likiwa katika wakati uliopita, na Tolkien mwenyewe alikiri katika barua ya mwaka 1938 kwamba huo ni utani wa wanaisimu.

Kwa nini tofauti hii? Kwa sababu Glaurung na Ancalagon walitajwa na Waelfu waliopigana nao, ilhali Scatha na Smaug walitajwa na wanadamu wa kaskazini, na lugha za wanadamu hao Tolkien aliziwakilisha kwa lugha za kale za Kijerumani. Joka halikujiita. Waliita wale waliounguzwa nyumba zao. Ndiyo maana mtu anayesoma majina hayo manne, hata bila kujua lolote la isimu, huhisi kwamba ulimwengu ule una watu wengi na zama nyingi. Tofauti ya sauti imekuwa ushahidi wa historia.

Sasa tutazame jina la pepo wa moto, Balrog, maana hapo ndipo kanuni inapoonekana wazi. Katika Kikwenya, lugha ya pili ya Waelfu ambayo sauti zake ziliathiriwa na Kifini, kiumbe huyo ni Valarauko, na wingi wake ni Valaraukar. Katika Kisindarini ni Balrog. Majina haya mawili ni jina moja. Mzizi wa kwanza, wenye maana ya nguvu, ulikuwa bal- zamani. Kisindarini kimeihifadhi b, nacho Kikwenya kimeigeuza kuwa v, kwa kuwa Kikwenya hakiruhusu neno lianze kwa b, d wala g. Mzizi wa pili, wenye maana ya pepo mbaya, ni rauko katika Kikwenya na raug katika Kisindarini. K iliyo baada ya irabu imekuwa g, irabu ya mwisho imedondoka, na au imefupika kuwa o ndani ya mwungano. Mabadiliko hayo hayakubuniwa kwa ajili ya pepo huyu peke yake. Mwanadamu ni Atan katika Kikwenya na Adan katika Kisindarini, na hapo t iliyo baada ya irabu imekuwa d kwa kanuni ileile. Wakuu wa mbinguni ni Valar katika lugha ya kwanza na Belain katika ya pili, wenye v na b zilezile.

Msomaji wa kawaida hazijui kanuni hizi, wala hahitaji kuzijua. Anachokipata ni matokeo yake: akikutana na jina linaloanza kwa b au linaloishia kwa g, hatadhani ni la Kikwenya, hata kama hawezi kueleza sababu. Huo ndio uthabiti wa sauti. Si kufanana kwa majina. Ni kufuata kwa majina sheria ambazo sikio huzikisia.

Na uovu je? Ni kweli kwamba Tolkien aliwapa maorki majina ya kukwaruza, kama Uglúk na Grishnákh, na hapo anastahili lawama ileile tuliyoitoa juu ya gh na kh. Lakini tazama jina la bwana wao. Sauron ni jina la Kikwenya, lugha nyororo kuliko zote alizozibuni, na maana yake ni mwenye kuchukiza. Mwovu mkuu ana jina zuri la kusikika kwa sababu jina hilo ni la adui zake, wala si lake. Hapa Tolkien alimshinda mwigaji wake.

Sauti zetu na mapepo wetu

Turudi pwani. Hoja kwamba jina ni la waliolitoa si ya Oksifodi peke yake, kwa maana mapepo wetu wanaithibitisha. Mwaka 1995 kisiwa cha Pemba, na baadaye Unguja, kilikumbwa na hofu ya kiumbe aliyeitwa Popobawa. Wahakiki wa kamusi wataishia kusema kwamba jina hilo ni popo na bawa. Sikio lina la kuongeza. Konsonanti zote nne za jina hili, p, p, b na w, hutamkwa kwa midomo, silabi zote nne ni wazi, na mkazo huangukia ba, mahali ambapo neno jipya linaanza. Jina linaweza kunong'onwa gizani bila kufungua kinywa sana. Halina hata sauti moja ya kutisha, na halikuihitaji, kwa kuwa lilitolewa na watu waliokuwa wakitishika kwa Kiswahili chao cha kila siku.

Istilahi zetu za viumbe pia zimejipanga katika matabaka ambayo msikilizaji huyatambua. Zimwi, mzuka, nunda, kibwengo, kinyamkera: haya yana silabi wazi na hayana sauti yoyote ya Kiarabu. Jini, shetani, ibilisi, ruhani: haya yalikuja na kitabu na safari za bahari. Msimulizi wa pwani hahitaji kueleza ni kiumbe gani kilikuwapo na kipi kilifika kwa jahazi, kwani jina limeshasema. Ngeli nazo hufanya kazi yake. Ki- ya kibwengo na kinyamkera hukiweka kiumbe upande wa vitu na vidogo visivyoaminika, nayo joka, lililokuzwa kutoka nyoka, huweza kuchukua upatanisho wa li- likawa nguvu ya maumbile, au wa a- likawa mtu mwenye nia. Baadhi ya tafsiri za Biblia ya Kiswahili, katika Ufunuo, hutumia upatanisho wa li- kwa joka lake, na sikio husikia kwamba hapo hakuna wa kuzungumza naye.

Kuna kanuni moja zaidi ambayo waandishi wetu huivunja bila kujua. Katika maneno ya asili ya Kiswahili nazali hukaa mbele ya konsonanti ghuna ndani ya silabi moja: mb, nd, nj, ng, mv, nz. Haikai hivyo mbele ya p, t na k. Tunayo nta na mpaka, lakini humo nazali ni silabi peke yake. Penye nk, nt na mp katikati ya neno, kama katika benki, senti na kampuni, mara nyingi neno ni la mkopo. Kwa hiyo Ankalagoni, hata baada ya kupewa irabu ya mwisho na mkazo wake kuhamia go, bado atasikika kuwa mgeni, na nk ndiyo inayomtoa. Hilo si kosa ikiwa mwandishi anataka awe mgeni. Ni kosa ikiwa anadai kwamba mlima wa joka uko nyuma ya kijiji cha shujaa tangu dunia iumbwe.

Mfano: Chanjocha na Chandota

Ili hoja isibaki hewani, tujenge jina moja hatua kwa hatua. Tuseme ulimwengu wetu wa kubuni una pwani moja ndefu yenye watu wa kusini na watu wa kaskazini, waliokuwa na lugha moja zamani. Tunataka aina moja ya majoka iwe na jina kila upande.

Hatua ya kwanza ni kukataza. Uso wa lugha huonekana zaidi katika sauti inazozikosa kuliko zile inazozitumia, kama tulivyoona Kikwenya kikikataa b mwanzoni mwa neno. Tukatae f, r na h katika pande zote mbili, na tukatae silabi funge. Tayari majina yetu yatakuwa na sura, kwa maana maneno mengi ya Kiarabu yamezuiwa mlangoni bila kutukanwa.

Hatua ya pili ni kuchagua kanuni ya kutenganisha pande mbili. Hatuna haja ya kuibuni, lahaja zetu zinayo. Penye nj ya Kiunguja, lahaja za kaskazini huwa na nd: njia ni ndia. Penye ch huweza kuwapo t: macho ni mato. Penye j ya Kiunguja, Kiamu huwa na y: moja ni moya, jua ni yua. Penye vy huwa z: vyombo ni zombo. Kanuni nne zinatosha kwa riwaya nzima.

Hatua ya tatu ni mzizi. Tubuni mzizi -anjocha, na ndani ya ulimwengu huo tuupe maana ya kinywa chenye makaa. Mwandishi mwenye pupa ataliita joka lake la kusini Vyanjocha, kwa kuwa linapendeza. Hapo atanaswa. Msomaji wa Kiswahili akisikia vya- mwanzoni atalifikiria jina kuwa wingi, kama vyakula, na ataulizia umoja wake. Masikio hayawezi kuamriwa yasahau ngeli. Dawa ni kuikubali ngeli badala ya kushindana nayo: joka moja la kusini ni Chanjocha, na majoka ni Vyanjocha.

Hatua ya nne ni kuvuka kaskazini. Vyanjocha wingi atakuwa Zandota: vy imekuwa z, nj imekuwa nd, ch imekuwa t. Na umoja je? Mwigaji wa haraka atatumia kanuni ya ch kila mahali na kupata Tandota. Ajizuie. Ch ya macho na ch ya chombo hazikuzaliwa pamoja. Ile ya pili ni ki- iliyokutana na irabu, na kaskazini haigeuki kuwa t: wingi ni zombo, lakini umoja unabaki chombo. Basi ch ya mwanzo wa jina letu, iliyo ya ngeli, inasalia, na ile ya ndani ya mzizi ndiyo inayogeuka. Kaskazini joka moja ni Chandota, na mengi ni Zandota.

Tuna majina manne ya kiumbe kimoja, na yote yanatamkika. Sasa tuone faida yake kwa hadithi. Tuseme kaskazini kuna pepo wa maji aitwaye Njovacha. Jina hili limevunja kanuni mara mbili, maana lilitakiwa liwe Ndovata. Mwandishi wa kubahatisha asingeliona kosa. Mwandishi aliyejenga kanuni anaweza kulifanya ufunguo: pepo huyu si wa kaskazini, ameletwa na watu wa kusini baada ya lugha mbili kutengana, na wazee wanaodai kwamba alikuwapo tangu mwanzo wanaficha jambo. Hakuna aliyelisema hilo katika sura yoyote. Jina limelisema.

Namna ya kupima si ngumu. Mwandishi ayaandike majina 20 ya ulimwengu wake katika orodha isiyo na maelezo, kumi ya kila upande, ampe msomaji ambaye hajaisoma hadithi, amwonyeshe mawili ya kusini na mawili ya kaskazini, kisha amwombe ayagawe yaliyobaki. Msomaji akiweza kuyagawa mengi, kanuni inasikika. Akishindwa, kanuni imo katika daftari la mwandishi tu. Jaribio la pili ni la sarufi: kila jina la aina ya kiumbe liwekwe katika sentensi yenye wingi na kimilikishi. Jina linaloanza kwa ki-, m- au vy- litadai ngeli yake hapo hapo, na ni heri lidai mapema kuliko katika sura ya kumi.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya Ursula Le Guin. Majoka yake ya Earthsea, Yevaud katika riwaya ya mwaka 1968, na Orm Embar na Kalessin katika ile ya mwaka 1972, hayana nyuma yao sarufi kama ya Tolkien, nayo yanasadikika. Je, hii haithibitishi kwamba sikio linatosha? Tunakubali nusu ya pingamizi hii. Sikio linatosha kwa mwenye sikio lililokwisha kujiwekea mipaka, na majina yale matatu yanaonyesha mipaka: hayana alama za urembo, hayana mrundiko wa konsonanti, na yanatamkika na msomaji aliyeandikiwa. Zaidi ya hayo, katika ulimwengu wa Le Guin majoka huzungumza lugha ya kale na majina ya kweli yamo humo, kwa hiyo hata kwake jina lina wenyewe. Asiyetaka kanuni zilizoandikwa anaweza kuziacha. Asiyekuwa na kanuni kabisa ni mtu mwingine.

Pingamizi ya pili hutoka kwetu. Yapo mawazo kwamba jina lisilo na maana ya wazi ni usaliti wa mapokeo ya Shaaban Robert. Tunajibu kwamba mapokeo hayo yenyewe yana sikio kuliko wahakiki wake. Kusadikika na Kufikirika ni nchi mbili ambazo msikilizaji huziona kuwa jirani kabla hajafikiri maana yake, kwa kuwa zote ni vitenzi-jina vyenye mwisho uleule wa -ika. Katama Mkangi, katika riwaya yake ya mwaka 1995, aliifinya sentensi "wale ni sisi" ikawa Walenisi. Wahakiki wameifurahia maana, na wana haki. Lakini sentensi nzima ingetoa Walenisisi, silabi tano zenye kigugumizi mwishoni. Kwa kudondosha si moja tu, mtunzi alipata jina la mahali la silabi nne linaloweza kukaa kwenye ramani, na maana ikajificha kiasi cha kumfanya msomaji aitafute. Na William Mkufya, alipomweka Zirani kando ya Ziraili katika riwaya ya mwaka 1999, alitegemea silabi mbili za mwanzo, zira, kulifanya sikio liamini undugu wa majina hayo kabla ya akili kuuliza. Katika mifano yote mitatu maana hupanda mgongoni mwa sauti.

Kikomo cha kanuni

Isije ikadhaniwa kwamba tunataka kila mtunzi aandike sarufi. Kanuni zikizidi hudhuru pia. Anayekataza sauti nyingi mno atajikuta na majina 30 yanayofanana hata msomaji asijue ni nani ameuawa. Ishara ya hatari ni majina mawili au matatu ya wahusika wakuu kuanza kwa silabi moja na kuwa na urefu mmoja. Hapo dawa ni kubadili urefu au silabi ya mwanzo, si kuivunja kanuni. Vivyo hivyo, maadamu msomaji hakumbuki zaidi ya anachokisikia mara kwa mara, kanuni inayogusa jina moja tu ni kazi bure. Kanuni nne au tano, zinazorudi katika majina ya majoka, mito, milima na watu, zina nguvu kuliko arubaini zilizolala.

Kwa upande wetu wahakiki, dai la makala haya ni dogo na linatekelezeka. Tunapotahini tasnifu yenye sura juu ya majina, tuulize maswali mawili zaidi ya lile la kamusi: jina hili limetolewa na nani ndani ya ulimwengu wa hadithi, na je, linasikika kuwa lao? Mwanafunzi atakayeweza kuyajibu kwa silabi, mkazo, nazali na ngeli atakuwa amefanya uhakiki wa fasihi kwa vyombo vya isimu ambavyo idara zetu humfundisha katika chumba cha pili na kumsahaulisha katika cha kwanza. Naye mtunzi aliyeketi darasani humo atajua kwamba joka lake halihitaji x. Linahitaji majirani walioliogopa, na lugha waliyoliogopea.